Cha mama au za mama? Matawi yaliyojificha ndani ya sentensi

Mtoto alibeba kikapu cha nazi cha mama. Mtoto alibeba kikapu cha nazi za mama. Sentensi hizi mbili zina maneno saba kila moja, tena yamepangwa kwa mfuatano uleule, na kilichobadilika ni neno moja dogo karibu na mwisho. Hata hivyo, mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anajua kwamba hazisemi jambo moja. Katika ya kwanza kikapu ni mali ya mama, na nazi zilizomo huenda ni za muuza duka. Katika ya pili nazi ndizo za mama, na kikapu chenyewe huenda kimeazimwa kwa jirani.

Anajuaje? Wanaisimu hujibu kwamba maneno ya sentensi hayafuatani tu kama yanavyosikika. Hushikana kwanza mawili au matatu, fungu hilo likashikana na fungu jingine, hadi sentensi nzima ikamilike. Mpangilio huo wa mafungu huchorwa kwa njia ambayo wanafunzi wa sekondari wa Tanzania na Kenya wanaijua kwa jina la matawi. Mchoro wenyewe husomwa kuanzia juu: sentensi nzima, yaani S, iko kileleni, na maneno yako chini kwenye ncha za matawi.

Wengi huukumbuka mchoro huo kama swali la mtihani, lenye herufi KN na KT na mistari ya kuchora kwa rula, halafu wakausahau. Ni hasara, kwa sababu Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo matawi hayo huonekana waziwazi. Katika lugha nyingi mchambuzi hulazimika kukisia neno lipi limeshikana na lipi. Katika Kiswahili, ngeli za nomino husema zenyewe.

Wazo la kuigawa sentensi katika mafungu lilielezwa kwa makini na Mmarekani Leonard Bloomfield katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1933. Hoja yake ilikuwa kwamba sentensi haikatwi neno kwa neno. Hukatwa kwanza katika sehemu zake kubwa, kisha kila sehemu ikakatwa tena. Mwaka 1957 Noam Chomsky aliligeuza wazo hilo kuwa kanuni fupi zinazoandikwa karibu kama hesabu. Katika kitabu chake kidogo cha mwaka huo aliandika kanuni chache za Kiingereza, akazitumia kujenga sentensi moja ya mtu aliyeupiga mpira, na akaichora kwa matawi. Tangu hapo njia hiyo ikaenea duniani. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Massamba, Kihore na Hokororo, waliifafanulia sintaksia ya lugha yetu sekondari na vyuo katika Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu, kitabu kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1999.

Kanuni zinazohitajika kwa ajili ya kikapu cha nazi ni nne tu. Mshale katika kila mstari husomwa "huundwa na", na kilicho ndani ya mabano kinaweza kuwapo au kukosekana.

```
S  → KN + KT
KT → T (+ KN)
KN → N (+ KH)
KH → H + KN
```

KN ni kirai nomino, yaani fungu ambalo bwana wake ni nomino. KT ni kirai kitenzi. KH ni kirai kihusishi, na hapa kinaanza na H, ile -a unganifu inayotokea kama cha, za, wa, ya na kadhalika. Walimu hawakubaliani wote kuhusu jina hili la mwisho: vitabu vingi vya Kenya huita "cha nazi" kivumishi cha a-unganifu, kwa hiyo mwanafunzi wa huko ataandika V mahali ambapo hapa pameandikwa KH. Tofauti hiyo ni ya jina. Umbo la mti halibadiliki.

Kwa kanuni hizo, sentensi ya nazi za mama inachorwa hivi:

```
S
├── KN
│   └── N  mtoto
└── KT
    ├── T  alibeba
    └── KN
        ├── N  kikapu
        └── KH
            ├── H  cha
            └── KN
                ├── N  nazi
                └── KH
                    ├── H  za
                    └── KN
                        └── N  mama
```

Msomaji aifuate mistari kutoka chini. "Mama" ameshikwa na "za" na kufanya fungu "za mama". Fungu hilo limeshikana na "nazi", na sasa tuna "nazi za mama". Hilo limeshikwa na "cha", likawa "cha nazi za mama", ndipo likamfikia bwana wake mkuu, "kikapu". Mama yuko mbali sana na kikapu: ili amfikie, lazima apitie kwenye nazi. Ndiyo maana sentensi haisemi lolote kuhusu mwenye kikapu.

Sasa "kikapu cha nazi cha mama". Hapa kanuni ya KN inahitaji kuongezewa kidogo, ili kirai nomino ambacho tayari kimekamilika kiweze kupokea KH nyingine: KN → KN + KH. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mti haibadiliki, tuchore tawi la kikapu peke yake.

```
KN
├── KN
│   ├── N  kikapu
│   └── KH
│       ├── H  cha
│       └── KN
│           └── N  nazi
└── KH
    ├── H  cha
    └── KN
        └── N  mama
```

Mama amepanda. Haning'inii tena chini ya nazi. Amekuwa jirani wa fungu zima la "kikapu cha nazi". Na neno lililotuonyesha hivyo ni "cha". Kiambishi ch- ni cha ngeli ya ki-vi, na ndani ya kirai hiki nomino ya ngeli hiyo ni moja tu, kikapu. Kiambishi z- ni cha ngeli ya i-zi katika wingi, na mwenye nacho ni nazi. Kwa hiyo upatanisho wa kisarufi, ule ambao shuleni hufundishwa kama suala la usahihi wa lugha tu, unafanya kazi kubwa zaidi: unamwonyesha msikilizaji tawi linatoka wapi.

Mtu anaweza kuuliza kama matawi haya si michoro ya kitaaluma tu, iliyobuniwa darasani. Hoja hiyo ina haki yake, na majibu yake yako katika majaribio ambayo kila mzungumzaji anaweza kuyafanya kwa sikio lake.

Jaribio la kwanza ni kubadilisha nafasi. Ikiwa "cha nazi" na "cha mama" vyote vinamhusu kikapu, basi vinapaswa kuweza kupishana, na kweli vinaweza: "kikapu cha mama cha nazi" kinaeleweka, na mwenye kikapu habadiliki. Ukijaribu kufanya hivyo katika sentensi ya pili utapata "kikapu za mama cha nazi", na hakuna atakayekubali kwamba hicho ni Kiswahili. "Za mama" hawezi kutoka chini ya nazi akapanda juu.

Jaribio la pili ni kuuliza swali. Fungu la kweli huweza kusimama peke yake kama jibu. "Mtoto alibeba kikapu cha nini?" "Cha nazi za mama." Jibu limekaa sawa. "Mtoto alifanya nini?" "Alibeba kikapu cha nazi za mama." Hapo KT nzima imejibu, na hiyo ndiyo sababu ya kuiweka chini ya kifundo kimoja. Lakini hakuna swali ambalo jibu lake ni "alibeba kikapu cha" au "kikapu cha nazi za". Maneno hayo yamekaribiana, ila hayafanyi fungu, na hakuna mahali katika mti ambapo yanakutana yenyewe bila neno jingine.

Jaribio la tatu ndilo zuri kuliko yote, kwa kuwa linaonyesha mpaka ambao hakuna mwalimu aliyewahi kutufundisha lakini sote tunauheshimu. Tuseme nazi zimekomaa na kikapu ni cha mama, na tunataka kuyasema yote mawili. "Kikapu cha nazi zilizokomaa cha mama" kinapita vizuri. Lakini "kikapu cha nazi cha mama zilizokomaa" kinakwaruza sikio, ingawa upatanisho wote ni sahihi: "cha" ni ya kikapu, "zilizokomaa" ni ya nazi. Kosa liko wapi? Mara tu "cha mama" aliposhikamana na kikapu, fungu la nazi lilikuwa limekwisha fungwa. Ili "zilizokomaa" imfikie bwana wake, mstari wake ungelazimika kukata mstari wa "cha mama". Katika michoro hii matawi hayakatani, na inaonekana hata kichwani mwa msemaji hayapendi kukatana.

Kanuni mbili kati ya zile nne zina jambo jingine ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. KN inaweza kuwa na KH ndani yake, na kila KH ina KN ndani yake. Maana yake ni kwamba safari inaweza kuendelea bila kikomo: kitasa cha mlango wa chumba cha mtoto wa jirani. Kila -a inamtazama bwana wake aliye karibu, cha kwa kitasa, wa kwa mlango, cha kwa chumba, wa kwa mtoto, na mti unashuka hatua kwa hatua. Kinachomzuia mtu kuendelea hadi jioni ni pumzi na kumbukumbu. Sarufi yenyewe haijaweka kikomo.

Lakini ngeli hazisaidii kila mara. Zinapotukia nomino mbili zenye upatanisho wa aina moja, kiambishi hakiwezi kutenganisha, na hapo ndipo utata unapozaliwa. "Mtoto wa jirani mgonjwa amelala." Nani mgonjwa? Mtoto na jirani wote ni viumbe hai na wote wanapatanishwa kwa ngeli ya a-wa, kwa hiyo "mgonjwa" anaweza kuchorwa chini ya jirani au juu, kando ya fungu zima la "mtoto wa jirani". Mfuatano wa maneno ni mmoja, miti ni miwili, na maana ni mbili. Kwa mwanaisimu, sentensi kama hii ndiyo ushahidi kwamba mti upo: kama sentensi ingekuwa mfuatano wa maneno tu, mfuatano mmoja ungekuwa na maana moja.

Njia rahisi ya kuufumbua utata wa aina hii ni kubadilisha idadi ya nomino moja na kuiacha nyingine. "Watoto wa jirani wagonjwa" ni watoto wanaougua. "Watoto wa jirani mgonjwa" ni watoto wazima ambao jirani yetu anaugua. Au ibadilishwe ngeli: "gari la jirani bovu" na "gari la jirani mgonjwa" haviwezi kuchanganyika hata kidogo.

Kuna utata mwingine wa aina hii uliojificha zaidi. "Nyumba ya jirani mpya." Nyumba iko katika ngeli ya i-zi, jirani anafuata ya a-wa, kwa hiyo mtu angetarajia kiambishi kimalize ubishi. Hakimalizi. Jirani ni mpya, na nyumba nayo ni mpya. Ile m- ya "jirani mpya" ni ileile ya "mtu mzuri" na "mtoto mrefu". Ile ya "nyumba mpya" ina asili nyingine kabisa: ni n- ya "nyumba nzuri" na "nyumba ndefu", ambayo mbele ya p imegeuka m. Kwa kawaida sauti hiyo hupotea mbele ya p, ndiyo maana tunasema "nyumba pana", lakini shina -pya ni fupi, lina silabi moja tu, na mashina mafupi hulinda kiambishi chake. Viambishi viwili vya ngeli mbili tofauti vimekutana katika sauti moja, na matawi mawili yamejificha nyuma ya herufi moja. Ukiweka -kubwa badala ya -pya yanatoka hadharani: "nyumba ya jirani kubwa" ni ukubwa wa nyumba, "nyumba ya jirani mkubwa" ni ukubwa wa jirani. Ukiweka wingi pia yanatoka: "nyumba za majirani wapya", "nyumba za majirani mpya".

Wanafunzi wanaochora matawi hukwama zaidi mahali pamoja: kujua KN ya mwanzo inaishia wapi. Katika "Wanafunzi hodari wa shule yetu wamefaulu mtihani", wengi huifunga KN baada ya "hodari", kisha "wa shule yetu" inabaki inaelea bila mzazi. Kipimo ni kubadilisha fungu zima kwa neno "hao". "Hao wamefaulu mtihani" ni sentensi nzuri. "Hao wa shule yetu wamefaulu mtihani" nayo inasikika vizuri, lakini inaonyesha kwamba bado kuna kipande cha KN kilichobaki kabla ya kitenzi. Wakati huohuo kiambishi wa- cha "wamefaulu" kinaelekeza kwenye nomino kuu ya fungu hilo. Si shule, kwani ingekuwa "imefaulu".

Mtego wa pili ni vitenzi viwili. "Mwanafunzi aliyefika jana ameondoka." Mchoraji mwenye haraka hukutana na "aliyefika" na kuanzisha KT hapo. Lakini ile -ye- ni kirejeshi, na kirejeshi humrudia mtu aliyekwisha tajwa. Inasema kwamba "aliyefika jana" ni sehemu ya KN, kishazi tegemezi kinachomweleza mwanafunzi, na KT ya sentensi ni "ameondoka" pekee. Kirejeshi nacho hubeba ngeli, kwa hiyo nacho huonyesha tawi. "Gari la jirani lililofika jana" na "gari la jirani aliyefika jana" zina miti tofauti, kwa sababu ileile iliyotofautisha kikapu na nazi.

Hadi hapa upatanisho umetusaidia ndani ya kirai nomino. Kwenye kilele cha mti, pale S inapogawanyika kuwa KN na KT, unafanya jambo la kushangaza zaidi. Linganisha sentensi tatu: "Wageni wameingia nyumbani." "Nyumbani wameingia wageni." "Nyumbani kumeingia wageni." Ya kwanza haina tatizo. Katika ya pili, mahali pametangulizwa kwa ajili ya mkazo, lakini kitenzi bado kinasema wa-, kwa hiyo kiima ni wageni japo wamekaa mwisho. Katika ya tatu kitenzi kimebadilisha utii wake. Ku- ni upatanisho wa mahali, na sasa "nyumbani" ndiyo inayokalia tawi la KN ya kwanza, huku wageni wakiwa ndani ya KT, mahali ambapo kwa kawaida hukaa yambwa. Mchoraji anayedhani kwamba kiima daima ni mtendaji atachora mti usio sahihi. Mtendaji ni swali la maana. Tawi ni swali la muundo, na kitenzi ndicho kinachojibu.

Sentensi ya pili, "Nyumbani wameingia wageni", inaacha tatizo ambalo kanuni S → KN + KT haiwezi kulitatua yenyewe. Kiima kiko nyuma ya kitenzi, na kanuni inakitaka mbele. Baadhi ya wachambuzi husema sentensi ilianza ikiwa na wageni mbele, kisha vipande vikahamishwa, na mti unaoonekana ni wa baada ya uhamisho. Wengine hukataa uhamisho na kuongeza kanuni nyingine ya mpangilio.

Ugumu ni mkubwa zaidi pale KN inapokosekana kabisa. "Wamelala." Neno moja, na ni sentensi kamili. Katika madarasa mengi mwanafunzi hufundishwa kuchora KN na kuandika Ø chini yake, kuonyesha kwamba nafasi ipo ila haina neno. Mwalimu mwingine atasema nafasi hiyo haihitajiki, kwa kuwa kiambishi wa- chenyewe kinafanya kazi ya kiwakilishi. Mwaka 1987 Joan Bresnan na Sam Mchombo waliuchunguza mgogoro huu katika Kichewa, lugha ya Kibantu ya Malawi na nchi jirani, na wakahitimisha kwamba kiambishi cha kiima huweza kuwa upatanisho au kiwakilishi, kutegemea kama nomino yenyewe ipo, ilhali kiambishi cha yambwa daima ni kiwakilishi. Hoja yao juu ya kiima inakaa vizuri katika Kiswahili: katika "Watoto wamelala" wa- inapatana na watoto, katika "Wamelala" inawawakilisha.

Juu ya yambwa, Kiswahili kinaleta ubishi wake. "Kitabu, nimekisoma" inaafikiana na hoja hiyo, kwa kuwa kitabu kimetoka nje na ki- imebaki ndani ikikiwakilisha. Lakini tunasema pia "Nimemwona Juma", pasipo kutua, Juma akiwa palepale anapopaswa kuwa, kando ya kitenzi. Kama -m- ni kiwakilishi, basi yambwa imetajwa mara mbili na Juma anahitaji tawi nje ya KT. Kama ni upatanisho, Juma anabaki ndani ya KT na -m- haihitaji tawi lolote. Na tukiwa na kitabu badala ya Juma, "nimesoma kitabu" hutosha bila kiambishi, jambo ambalo kwa binadamu anayejulikana kwa jina halikubaliki: "nimeona Juma" husahihishwa mara moja na wengi wa wazungumzaji wa Kiswahili sanifu. Mti wa sentensi fupi ya maneno mawili, basi, bado unaweza kuchorwa kwa njia mbili, na kila njia ina watetezi wenye hoja.